Kurasa Nane, Ujumbe Mmoja

Siku hizi mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa haoni ajabu kupiga picha kurasa za daftari lake kwa simu, akazipakia zote kwa pamoja katika programu ya akili mnemba, kisha akaandika chini yake: nijumlishie, niambie nani amenunua hisa ngapi na nani hajarejesha. Jibu huja baada ya sekunde chache, limepangwa vizuri kwenye jedwali. Leo nataka kuzungumzia kinachotokea kati ya kupakia picha hizo na kupata jedwali hilo, kwa sababu hapo ndipo takwimu za wiki moja zinapoweza kuhamia wiki nyingine bila mtu kushtuka. Hoja yangu ni kwamba modeli haizitenganishi picha zako kwa namna unayozitenganisha wewe ukiziona kwenye kioo cha simu. Inategemea mpangilio uliozipakia na alama ulizoziwekea. Ukiyaacha hayo mawili yajiendee, unaiachia modeli ikisie, na yenyewe haitakwambia kwamba imekisia.

Tuchukue daftari lenyewe ili tusizungumze hewani. Kikundi kina wanachama 30. Kila wiki ina ukurasa wake, na kurasa zote zinafanana: namba ya mwanachama, jina, hisa alizonunua, mchango wa mfuko wa jamii, rejesho la mkopo. Chini kuna jumla ya wiki, na chini yake mistari miwili, mmoja wa jumla iliyotangulia na mwingine wa jumla mpaka leo. Hisa moja ni shilingi 5,000. Mweka hazina anataka kufunga hesabu za wiki nane, kuanzia wiki ya 11 hadi ya 18, kwa hiyo ana picha nane. Mwanachama namba 7 alinunua hisa tatu wiki ya 14, yaani shilingi 15,000, na hisa moja wiki ya 15, yaani shilingi 5,000. Naomba muishike mistari hiyo miwili, maana tutairudia.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni idadi: programu inapokea picha ngapi? Kila huduma ina kikomo chake na vikomo hivyo hubadilika, lakini mfano mmoja utatuonyesha umbo lake. Katika mwongozo wa kampuni ya Anthropic wa mwaka 2025 kuhusu modeli zake za Claude, mtumiaji wa programu ya mazungumzo aliruhusiwa picha 20 kwa ujumbe, na mtengeneza programu anayetuma maombi moja kwa moja kwenye mtambo wao aliruhusiwa picha 100 kwa ombi. Ukisikia 100, unaona nane ni kidogo mno. Lakini mwongozo huohuo ulikuwa na masharti mengine yaliyobana mapema zaidi. Picha moja isizidi megabaiti 5. Ombi zima lisizidi megabaiti 32. Picha yenye upande unaozidi pikseli 8000 ilikataliwa, na picha zilipozidi 20 katika ombi moja, kikomo hicho kilishuka hadi pikseli 2000. Simu ya kawaida leo hupiga picha ya takriban pikseli 3000 kwa 4000, kwa hiyo anayetuma picha 25 zilivyotoka kwenye simu atagonga ukuta wa pikseli akiwa bado mbali na ukuta wa idadi. Uzito nao una hesabu yake. Picha inayotumwa ndani ya ombi kwa kawaida hugeuzwa kuwa maandishi, kila baiti tatu zikawa herufi nne, na hivyo uzito huongezeka kwa theluthi. Picha nane za megabaiti 4 ni megabaiti 32 zikiwa faili, lakini zikishageuzwa zinapita 42. Ombi linakataliwa, na mtu analaumu mtandao.

Hata hivyo vikomo hivyo si hatari, kwa sababu vinajitangaza: programu inakataa, wewe unajua, unapunguza. Kikomo kinachodhuru ni kile kinachofanya kazi kimyakimya, yaani kupunguzwa ukubwa. Modeli huhesabu kila picha kwa tokeni, vile vipande vidogo ambavyo kwavyo hupimia maandishi na picha vilevile. Kwa modeli za familia niliyoitaja, mwongozo ulitoa kanuni rahisi: zidisha upana kwa urefu katika pikseli, gawanya kwa 750. Na ukaeleza kwamba picha inayozidi tokeni zipatazo 1,600 inapunguzwa kabla modeli haijaiona. Picha ya uwiano wa tatu kwa nne, kama ya ukurasa wa daftari letu, kwa kanuni hiyo ilibaki na takriban pikseli 951 kwa 1268, hata kama simu yako ilipiga kubwa mara tatu ya hapo. Sasa tupime. Ukurasa wenye majina 30, kichwa cha jedwali na mistari ya jumla una mistari kama 34. Pikseli 1268 zikigawiwa mistari 34, kila mstari unapata pikseli 37 hivi. Tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino itakuwa na urefu wa pikseli 18 au 20, na hiyo inasomeka. Lakini kuna mtu atakayesema: kwa nini nihangaike na picha nane, wakati naweza kuunganisha kurasa nne katika picha moja na kutuma mbili tu? Afanye hesabu ileile. Kila ukurasa sasa una robo ya eneo, mstari unapata pikseli 18, na tarakimu inabaki na tisa. Hapo 3 na 8 hazina tofauti ya kuaminika, wala 1 na 7 za mwandiko wa haraka. Tena ameifuta mipaka ya picha, ambayo ilikuwa mojawapo ya vitu vichache vinavyoisaidia modeli kujua ukurasa umeishia wapi. Kwa hiyo kuunganisha kurasa katika picha moja ni kosa mara mbili, na ninalisema bila kusitasita.

Nimetaja mipaka, na hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu kilipo. Tangu watafiti wa Google walipoonyesha mwaka 2020 kwamba picha inaweza kukatwa katika vipande vya mraba, vya pikseli 16 kwa 16, na kila kipande kikashughulikiwa kama neno katika sentensi, njia hiyo na zile zilizotokana nayo zimetawala. Modeli ya LLaVA 1.5, ambayo muundo wake uko wazi kwa kila mtu, huigeuza picha moja kuwa vipande 576, safu 24 za vipande 24. Vipande vya picha ya kwanza, kisha vya pili, kisha vya tatu, pamoja na maneno uliyoandika, vyote hupangwa katika mfuatano mmoja mrefu, kama shanga katika uzi. Baadhi ya modeli, kama Qwen2-VL, huweka alama maalumu pale picha inapoanza na alama nyingine pale inapokwisha. Basi kinachoiambia modeli kwamba kipande hiki ni cha picha ya nne na si ya tano ni mahali kipande kilipo katika mfuatano, alama za mipaka kama zipo, na kinachoonekana ndani ya kipande chenyewe. Jina la faili, kama ulijisumbua kuandika wiki14, kwa kawaida halisafiri pamoja na picha, wala tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili. Mwongozo niliokwisha kuutaja unasema wazi kwamba modeli haipokei taarifa hizo za pembeni.

Sasa fikirini kurasa zetu nane. Modeli inapotafuta hisa za mwanachama namba 7 wiki ya 14, inatafuta kwa kufananisha: wapi kuna namba 7, wapi kuna jina hili, wapi kuna safu ya hisa. Kama picha nane zingekuwa za vitu tofauti, moja risiti, nyingine kitambulisho, nyingine ramani ya kiwanja, sura yenyewe ingetosha kuzitenga. Lakini kurasa za daftari zinafanana kwa makusudi. Jina lilelile, mstari uleule, safu ileile, mara nane. Kufananisha kunaleta majibu nane yaliyo sawa, na kilichobaki cha kuyatenga ni nafasi katika mfuatano peke yake. Kwa hiyo picha zinazofanana sana, ambazo mtu hudhani ni rahisi kwa mashine kwa kuwa zina mpangilio mmoja, ndizo zenye hatari kubwa ya kuchanganywa. Jaribio la MuirBench la mwaka 2024 lilipima modeli kwa maswali yanayohitaji picha zaidi ya moja, yakiwemo ya kupanga na kulinganisha. GPT-4o, iliyokuwa miongoni mwa modeli bora za wakati ule, ilipata asilimia 68, wakati binadamu walivuka 90. Modeli zimeendelea kuboreka tangu hapo. Hata hivyo asilimia 68 ilikuwa alama ya modeli ambayo watu walikwisha kuizoea na kuiamini kila siku, na hilo linatosha kutufanya tudai uthibitisho.

Mpangilio wenyewe huharibika kabla picha hazijafika. Matunzio ya picha katika simu nyingi huonyesha picha mpya kabisa kwanza, kwa hiyo anayegusa kuanzia juu kushuka chini anatuma wiki ya 18 kwanza na ya 11 mwisho. Kompyuta inayopanga faili kwa herufi bila kuzingatia thamani ya namba huweka ukurasa10 mbele ya ukurasa2, kwa sababu inalinganisha 1 na 2 na kuishia hapo. Na programu inayopakia picha kadhaa kwa wakati mmoja, ikiwa haikutengenezwa kwa uangalifu, inaweza kuzipanga kwa jinsi zilivyomaliza kupakiwa, ile nyepesi ikatangulia nzito. Ndiyo maana kusema katika swali lako kwamba picha ya nne ni wiki ya 14 hakutoshi mpaka uwe umetazama kwenye kioo, kabla ya kubonyeza tuma, kwamba ya nne kweli ni hiyo.

Dawa ninayoitetea ni kuipa kila picha jina lake, na mahali jina hilo linapokaa kuna maana. Modeli nyingi za aina hii husoma mfuatano kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na kila kipande kinaweza kuangalia vilivyokitangulia tu. Maneno yakiwa kabla ya picha, kama vile "Picha ya 4, wiki ya 14", vipande vya picha hiyo vinapochakatwa vinakuwa vimeshaliona jina hilo. Maneno yakiwekwa baada ya picha, hayawezi kurudi nyuma kuvigusa. Kwa anayetengeneza programu, basi, utaratibu mzuri ni jina, picha, jina, picha, mpaka zote ziishe, ndipo lije swali. Lakini mweka hazina wetu anatumia programu ya kawaida, ambako picha zote hubandikwa pamoja na maneno yote hukaa mahali pamoja, hana nafasi ya kuchomeka jina katikati. Yeye aliweke jina ndani ya picha. Akate kipande cha karatasi, aandike kwa kalamu nene WIKI 14, akilaze pembeni juu ya ukurasa pasipofunika tarakimu yoyote, ndipo apige. Alama hiyo haiwezi kupotea picha zikipangwa upya, haitegemei jina la faili, na inazifanya kurasa zile nane zinazofanana ziwe na kitu kimoja kisichofanana. Kama daftari tayari lina namba ya wiki iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona, hilo si badala yake, kwa kuwa maandishi madogo ndiyo yanayoathirika kwanza picha inapopunguzwa.

Nasikia pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza inasema, tuma picha moja kwa kila ujumbe, na tatizo limekwisha. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu kati ya picha na picha kunakuwa na maneno yako na jibu la modeli, na hayo yanatenga vizuri kuliko alama yoyote. Lakini tusijidanganye kwamba picha zilizotangulia zimeondoka. Katika mazungumzo yaleyale, kwa kawaida historia yote hupelekwa tena kwa modeli kila unapouliza, kwa hiyo ukifika picha ya nane bado zote nane zimo katika mfuatano mmoja, na gharama imepanda. Faida iliyopo ni ya mpangilio, nami naikubali: kwa kurasa zinazofanana hivi, kutuma mojamoja na kudai nakala ya kila ukurasa kabla ya kwenda mbele ni njia salama. Mwenye haraka anaweza kuipata faida hiyohiyo katika ujumbe mmoja, akiagiza modeli inakili kwanza kila ukurasa peke yake, ikianza na alama ya wiki iliyoiona, na isijumlishe chochote mpaka imemaliza kunakili. Modeli ikishaandika nakala hizo, majibu yake ya baadaye yanategemea maandishi yenye vichwa dhahiri badala ya kurudi kupapasa katika vipande maelfu.

Pingamizi ya pili inasema kwamba modeli za sasa zina nafasi kubwa mno ya kumbukumbu, picha nane ni tone tu. Nafasi ni kweli ipo. Picha nane za tokeni 1,600 ni tokeni kama 12,800, na modeli nyingi hupokea zaidi ya 100,000. Ila kupokea ni jambo moja, kutumia sawasawa kila kilichopokewa ni jingine. Utafiti wa Liu na wenzake wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli za lugha zilijibu vizuri zaidi jibu lilipokuwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na zikadhoofika lilipokuwa katikati. Utafiti ule ulikuwa wa maandishi, si wa picha, nami siupeleki mbali kuliko ulipofika. Lakini unatosha kuonyesha kwamba ukubwa wa nafasi hauthibitishi usahihi ndani yake, na katika mfano wetu wiki ya 14 na ya 15 ziko katikati hasa.

Turudi sasa kwa mwanachama namba 7. Tuseme modeli imebadilisha mistari yake miwili: imempa hisa moja wiki ya 14 na tatu wiki ya 15. Mweka hazina anataka kuhakiki. Akiangalia jumla yake ya wiki nane, ni sahihi kabisa, kwa sababu tatu na moja ni sawa na moja na tatu. Akiangalia jumla ya kikundi kizima kwa wiki nane, nayo ni sahihi. Kosa linaonekana tu akijumlisha mistari 30 ya kila ukurasa na kuilinganisha na jumla ya wiki iliyoandikwa kwa kalamu: wiki ya 14 imepungua shilingi 10,000, wiki ya 15 imezidi shilingi 10,000. Tofauti mbili zilizo sawa, moja ya kupungua na moja ya kuzidi, katika kurasa mbili, ni dalili ya wazi kwamba kitu kimehama kutoka picha moja kwenda nyingine. Tarakimu iliyosomwa vibaya kwa kawaida huacha tofauti katika ukurasa mmoja tu. Kuna hali nyingine ngumu zaidi, pale kurasa nzima zinapobadilishana majina, ya 14 ikaitwa ya 15. Hapo kila ukurasa unajumlishika vizuri na hata jumla za wiki hazipingi kitu. Kinachoifichua ni ile mistari miwili ya chini: jumla mpaka leo ya wiki ya 13 lazima iwe ndiyo jumla iliyotangulia ya wiki ya 14, na mnyororo uendelee hivyo mpaka wiki ya 18. Ukikatika mahali, kurasa zimepishana. Kwa hiyo mistari hiyo nayo inakiliwe, ingawa wengi huiruka wakidhani ni marudio.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini modeli yenyewe isiseme kwamba imechanganya. Haisemi kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichokosekana. Iliulizwa hisa za namba 7, ikakuta namba halisi iliyoandikwa kwa mkono halisi, ikaitoa. Namba hiyo si ya kubuni, ni ya ukurasa mwingine tu, na ndiyo maana kosa la aina hii ni gumu kulitambua kwa kusoma jibu peke yake: kila tarakimu iliyomo utaikuta daftarini ukiitafuta.

Kikundi cha wanachama 30 kinagawana fedha mwisho wa mzunguko kwa kufuata hisa hizo, na mikopo na faini hufuata wiki zake. Mweka hazina, weka karatasi ya WIKI kwenye kila ukurasa kabla ya kupiga picha, tuma ukurasa mmoja kwa picha moja, dai nakala kabla ya jumla, na usimsomee mwanachama yeyote hesabu ambayo hujailinganisha na jumla ya wiki iliyoandikwa daftarini.